Taswira mbili bila "kama"

Mwaka 1913 jarida la Poetry la Chicago lilichapisha shairi fupi mno la Ezra Pound, mmoja wa washairi waliojiita Waimajisti, yaani washairi wa taswira. Kichwa chake ni "Katika Kituo cha Metro", na mwili wake ni mistari miwili. Naufasiri hivi:

Mzuka wa nyuso hizi katika umati:
petali juu ya tawi jeusi, lililolowa.

Pound mwenyewe alieleza lilikotoka. Alishuka treni ya chini ya ardhi, metro, katika kituo cha La Concorde, Paris, akaona uso mzuri, kisha mwingine, na mwingine. Aliandika mistari 30, akaiharibu. Miezi sita baadaye akaandika shairi la nusu ya urefu huo. Ulipopita mwaka ndipo ikabaki hii miwili, kwa kufuata njia ya haiku, mashairi mafupi ya Kijapani.

Tazama kilichoachwa. Katika Kiingereza cha Pound hakuna kitenzi hata kimoja, na hakuna "kama". Kati ya nyuso na petali ipo nukta pacha tu. Mbinu yenyewe ndiyo hiyo: picha mbili zinawekwa ubavu kwa ubavu, kiungo kinaondolewa, na anayesoma ndiye anayekitafuta.

Anakitafuta wapi? Kwanza machoni. Petali ni nyeupe au za waridi, tawi ni jeusi. Basi nyuso nazo zinang'aa, na giza la kituo limepata umbo bila kutajwa. Halafu tawi limelowa. Kumbe mvua imenyesha, petali zimeng'oka kwenye ua na kunata kwenye gome, na hazitakaa. Hapo msomaji anarudi juu na kuona nyuso zinazopita na kutoweka, jambo ambalo shairi halikulisema. Neno "mzuka" nimelichagua kwa sababu hiyo: limo ndani yake kuzuka kwa ghafla, na limo pia pepo.

Sasa jaribu kutia kiungo: "Nyuso hizi ni kama petali." Sentensi imeeleweka na imekwisha. Petali zimekuwa pambo la nyuso, hakuna tena cha kurudia. Bila "kama" zote mbili zina uzito sawa, na macho huenda na kurudi.

Mbinu hii huharibika kwa namna mbili. Weka "sarafu juu ya meza" mahali pa petali: zinafanana na nyuso kwa duara, lakini baada ya duara hakuna kitu. Weka "birika la chai", na hata hapo pa kushikia hakuna.

Na uhuru wa msomaji una mipaka. Mmoja ataona uzuri tu. Mwingine, akiushika ule mzuka, atawaona wafu chini ya ardhi. Wote wawili wana ushahidi kwenye mistari. Atakayeona hasira za abiria waliochelewa treni hana tawi la kusimamia.