Tangi la maji ya chumvi na kizidishi kinachofungua mlinganyo wake

Kuna tangi la lita 500. Mwanzoni lina lita 200 za maji yasiyo na chumvi hata chembe. Bomba la juu linafunguliwa na kuingiza maji ya chumvi lita 6 kwa dakika, kila lita ikiwa na gramu 50 za chumvi. Papo hapo koki ya chini inafunguliwa na kutoa lita 4 kwa dakika. Ndani kuna pangaboi linalokoroga bila kusimama, kwa hiyo maji yanayotoka yana ukolezi uleule wa maji yaliyomo. Tangi litakapojaa, litakuwa na kilo ngapi za chumvi?

Ujazo hautusumbui. Zinaingia lita 6, zinatoka 4, kila dakika zinabaki 2. Baada ya dakika t tangi lina lita 200 + 2t, na lita 300 zinazopungua zitatimia kwa dakika 150. Chumvi ndiyo yenye kazi, kwa sababu inayotoka inategemea iliyomo, na iliyomo inategemea ile iliyokwisha kutoka.

Tuite S kilo za chumvi zilizomo tangini kwa dakika ya t. Kasi ya kuingia ni lita 6 mara kilo 0.05, yaani kilo 0.3 kwa dakika, na haibadiliki. Kasi ya kutoka ni lita 4 mara ukolezi wa wakati huo, na ukolezi ni S kugawanya kwa ujazo. Badiliko la S ni kinachoingia kutoa kinachotoka:

```
dS/dt = 0.3 - 4S/(200 + 2t)
```

Sehemu ya pili tunaweza kuirahisisha kwa kugawanya juu na chini kwa 2, ikawa 2S/(100 + t). Kisha tuhamishe kila chenye S upande wa kushoto:

```
dS/dt + [2/(100 + t)] S = 0.3
```

Huu ni mlinganyo tofautishi wa daraja la kwanza, na ni wa mstari. Daraja la kwanza kwa kuwa una dS/dt pekee, hauna badiliko la badiliko. Wa mstari kwa kuwa S na dS/dt zimesimama kila moja peke yake, bila kupandishwa kipeo wala kuzidishwa moja kwa nyingine. Hiyo t iliyo chini ya mstari wa kugawanya haiuharibii sifa hiyo.

Vitabu vingi huanza na tangi ambalo maji yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Mimi huwa naliruka. Tangi la namna hiyo linatatulika kwa kutenganisha vigeu tu, S upande huu na t upande ule, na mwanafunzi anabaki akijiuliza kizidishi kimekuja kufanya nini. Hapa jaribu kuvitenganisha uone: ile 0.3 inakataa kuondoka bila kuivuta t.

Sasa tutazame upande wa kushoto. Una dS/dt, kisha una S iliyozidishwa na kitu cha t. Umbo hilo linafanana na kanuni ya kutofautisha zao la vitu viwili. Tukiwa na zao M mara S, badiliko lake ni

```
M dS/dt + (dM/dt) S
```

Kama tungeweza kuugeuza upande wetu wa kushoto uwe hivyo, wote ungekuwa badiliko la kitu kimoja, M·S, na kulirudisha badiliko kuwa kitu chenyewe ni kazi ya integrali. Basi tuuzidishe mlinganyo mzima kwa M ambayo bado hatuijui. Kushoto tunapata M dS/dt + M [2/(100 + t)] S. Tukiulinganisha na mstari wa juu, kinachotakiwa ni kimoja tu:

```
dM/dt = M · 2/(100 + t)
```

Huyu M ndiye kizidishi cha integrali. Kumpata ni rahisi, maana mlinganyo wake unakubali kutenganishwa: badiliko la M kugawanya kwa M ni 2/(100 + t), integrali yake ni 2 mara logi asilia ya (100 + t), kwa hiyo

```
M = e^(2 ln(100 + t)) = (100 + t)^2
```

Kwa mlinganyo wowote wa aina hii njia ni hiyohiyo: chukua kilichozidishwa na S, tafuta integrali yake, ipandishe juu ya e. Hapa huna haja ya kuongeza namba isiyobadilika, kwa sababu ingezidisha pande zote mbili na kufutika.

Kabla ya kuendelea, kihakiki kizidishi. Itachukua nusu dakika. Badiliko la (100 + t)^2 ni 2(100 + t). Na (100 + t)^2 mara 2/(100 + t) ni 2(100 + t) vilevile. Wanaosahau kuhamisha S kwenda kushoto hubeba alama ya kutoa, wakapata (100 + t)^(-2), na uhakiki huu ndio unaowakamata: pande mbili hazilingani tena.

Tuzidishe sasa, kulia pia. Upande wa kulia husahaulika mno, labda kwa sababu macho yote yameelekea kushoto.

```
d/dt [ (100 + t)^2 S ] = 0.3 (100 + t)^2
```

Tukichukua integrali ya pande zote mbili:

```
(100 + t)^2 S = 0.1 (100 + t)^3 + C
```

Na tukigawanya kwa kizidishi:

```
S = 0.1 (100 + t) + C/(100 + t)^2
```

Mwanzoni t ni 0 na S ni 0, hivyo 0 = 10 + C/10000, na C ni -100000. Jibu la tangi letu:

```
S = 0.1 (100 + t) - 100000/(100 + t)^2
```

Kwa dakika ya 150 tunapata 25 kutoa 1.6, yaani kilo 23.4. Kwa muda huo ziliingia kilo 45 (0.3 mara 150), kwa hiyo kilo 21.6 zimeshatoka kwa koki. Ukolezi ni kilo 23.4 kwa lita 500, karibu gramu 47 kwa lita. Uko chini kidogo ya gramu 50 za maji yanayoingia, na ndivyo inavyopasa: tangi lililoanza na maji matupu haliwezi kuwa na chumvi kali kuliko inayomiminwa ndani yake.

Jibu hilo lina sehemu mbili, na kila moja ina maana yake. Sehemu ya kwanza, 0.1(100 + t), ni sawasawa na 0.05 mara ujazo wa 200 + 2t. Hiyo ndiyo chumvi ambayo ingekuwemo kama tangi lote lingekuwa na ukolezi wa maji yanayoingia. Sehemu ya pili ni kumbukumbu ya tangi kuhusu lilivyoanza, na inafifia kadiri t inavyokua. Lingeanza na kilo 10, C ingekuwa sifuri na ukolezi ungebaki gramu 50 kwa lita tangu mwanzo hadi mwisho. Lingeanza na kilo 30, C ingekuwa chanya, na ukolezi ungeshuka kuelekea 50 badala ya kupanda.

Kipeo cha 2 nacho hakikutokea hivihivi. Ni lita 4 zinazotoka kugawanya kwa lita 2 zinazoongezeka kila dakika. Tangi linalotoa lita 5 na kupokea 6 lingekuwa na kipeo cha 5. Na tangi linalotoa sawa na linavyopokea lingetulazimisha kugawanya kwa sifuri, ishara kwamba pale kizidishi si kipeo cha (100 + t) tena bali ni e yenye t juu yake.

Sasa kosa ambalo ni gumu kuliona. C huzaliwa wakati wa kuchukua integrali, kabla ya kugawanya kwa kizidishi, kwa hiyo lazima nayo igawanywe. Ukiisahau na kuibandika mwishoni, unapata S = 0.1(100 + t) + C. Sharti la mwanzo linakupa C ya -10, na S inakuwa 0.1t. Jibu linapendeza: linaanza na sifuri, linapanda, halina namba za ajabu. Lakini kwa dakika ya 0 linasema chumvi inaongezeka kwa kilo 0.1 kwa dakika, ilhali mlinganyo wenyewe unasema kilo 0.3, kwa kuwa wakati huo hakuna chumvi ya kutoka. Ndiyo maana kutimiza sharti la mwanzo hakutoshi kuwa ushahidi. Rudisha jibu kwenye mlinganyo, walau kwa t moja. Jibu letu sahihi lina badiliko la 0.1 + 200000/(100 + t)^3, ambalo kwa t ya 0 ni 0.1 + 0.2, yaani 0.3.

Kosa jingine ni kuuacha ujazo kwenye lita 200 kana kwamba haukui. Ukifanya hivyo chumvi haiwezi kuvuka kilo 15 hata usubiri mwaka mzima, na kwa dakika ya 150 unapata kama kilo 14.3 badala ya 23.4. Dakika za mwanzo majibu mawili yanakaribiana, kwa hiyo anayehakiki mwanzo tu hatagundua.

Yote haya yanasimama juu ya pangaboi. Bila kukorogwa, maji yenye chumvi nyingi ni mazito na hujikusanya chini, jirani kabisa na koki, na mlinganyo wetu haujui juu na chini. Aidha, hesabu inakoma dakika ya 150. Ukiweka t ya 200 kwenye jibu, linakupa kilo 28.9 bila kusita. Zigawanye kwa lita 500 za tangi na unapata karibu gramu 58 kwa lita, zaidi ya 50 zinazoingia. Hilo haliwezekani.

Kinachotokea kweli baada ya kujaa ni kwamba lita 2 za ziada zinamwagika juu kila dakika, nazo zimebeba chumvi kama zile za koki. Zinatoka lita 6 kwa jumla, ujazo unakaa kwenye 500, na mlinganyo mpya unaanzia kilo 23.4:

```
dS/dt + 0.012 S = 0.3
```

Kizidishi chake ni e^(0.012t), na jibu ni S = 25 - 1.6 e^(-0.012(t - 150)). Kwa dakika ya 210, saa moja baada ya tangi kujaa, linatoa kilo 24.2.