Bima ya nyumba na kompyuta ya gemu iliyoungua

"Nina bima ya nyumba. Umeme ukirudi kwa nguvu ukaunguza kompyuta yangu ya gemu, si watanilipa?"

Mara nyingi hapana. Bima ya vitu vya nyumbani, kwa Kenya, kwa kawaida hulipia moto, mafuriko na wizi wa kuvunja. Kadi ya picha ya kompyuta ikiungua ndani kwa ndani bila nyumba kushika moto, hiyo huhesabiwa hitilafu ya umeme, na mikataba mingi huiondoa isipokuwa umeilipia nyongeza. Uliza hilo kabla ya kutia saini.

Wizi nao una masharti. Mgeni akiondoka na konsoli mlango ukiwa wazi, dai hukwama, maana hakuna alama ya kuvunja.

Tuseme mwizi amevunja kitasa, akachukua konsoli ya shilingi 80,000. Piga picha kitasa kabla fundi hajakigusa, kisha ripoti polisi upate abstrakti. Ambatisha risiti, fomu ya madai na namba ya mashine. Namba hiyo imo pia kwenye boksi, kwa hiyo usilitupe. Sehemu ya hasara utajibebea mwenyewe, kadiri mkataba unavyosema, na huenda kampuni ya bima ikakata uchakavu.