Sinki likivuja pembeni, weka bisibisi chini kwanza

Jamani hii ya "kaza klipu" imenichosha. Mtu anaona maji yamepita pembeni ya sinki yakaingia kabatini, jambo la kwanza anajilaza chini na bisibisi anazungusha skrubu za klipu, vile vyuma vidogo vinavyolishika sinki kwa chini ya kaunta, mpaka mkono unamuuma, halafu ananiambia "fundi nimekaza kabisa ila bado inavuja". Ndiyo, inavuja kwa sababu umekaza kabisa. Sasa leo ntaeleza mara moja, na ntakuwa natuma hii badala ya kurudia.

Naongelea sinki la stenlesi la kawaida, lile ambalo ukingo wake unakaa juu ya kaunta ya chipbodi yenye fomaika. Granaiti na yale masinki yanayobandikwa kwa chini kabisa ni habari nyingine.

Klipu hazibebi sinki. Sinki, vyombo na maji vyote vinabebwa na ukingo unaolala juu ya kaunta. Kazi ya klipu ni kuuvuta ukingo chini kidogo ili ile raba au sponji iliyobandikwa chini yake ibanwe sawasawa pande zote, na neno zito hapo ni sawasawa. Bati la sinki la bei ya kawaida lina unene usiofika hata milimita moja, kwa hiyo ukikaza klipu moja kwa nguvu unavuta bati pale penye klipu na sehemu iliyo kati ya klipu mbili inanyanyuka, ukingo unakuwa na mawimbi. Maji hayahitaji mlango, yanahitaji nafasi ya unene wa karatasi tu. Ndo maana ukikaza zaidi inavuja zaidi, na wewe unaona inavuja zaidi unakaza tena.

Na huko chini nako kuna balaa lingine. Klipu ina meno yanayouma uso wa chini wa kaunta. Chipbodi kavu inayashika vizuri tu, lakini ikishanyonya maji inakuwa laini, meno yanazama, klipu inalegea, mtu anakuja anakaza, meno yanazama tena. Nimeshafungua masinki ambayo meno yalikuwa yamechimba mashimo kabisa na klipu zimepinda, na mwenye nyumba anaapa kwamba klipu ni feki. Klipu hazina kosa. Tatizo lilianza siku shimo lilipokatwa, kwa hiyo turudi huko.

Tuchukue sinki la milimita 860 kwa 500, kaunta yenye kina cha 600 na unene wa 38, kabati la chini upana wa 1000. Ukiligeuza sinki juu ya kaunta ukachora kuzunguka ukingo, huo mstari sio wa kukata, na ndiyo, kuna watu wanakata hapo hapo kisha wanashangaa sinki linatumbukia kabatini. Mstari wa kukata unaingia ndani. Kwa sinki hili shimo ni 840 kwa 480, yaani ukingo unabaki na milimita 10 za kukalia kila upande. Kama sinki limekuja na karatasi ya kipimo fuata hiyo, sio mimi, maana kuna sinki zenye ukingo mwembamba zaidi.

Milimita 10 ni kidogo, kwa hiyo kona ndo zinawaumbua watu. Kama kona za ukingo zimezungushwa kwa nusu kipenyo cha kama milimita 50 na wewe umekata shimo lenye kona kali za mraba, piga hesabu utaona kona ya shimo inachungulia nje ya ukingo kwa mili 6 hivi. Hakuna silikoni ya kuficha hiyo. Kona ya shimo ifuate kona ya sinki.

Sasa kitu ambacho karibu kila mtu anasahau, nafasi ya klipu zenyewe. Kaunta ya 600, shimo la 480, zinabaki 120, ukigawa nusu unapata 60 mbele na 60 nyuma, safi kwa macho. Lakini ingia chini uangalie. Kwenye hizo 60 za mbele, kaunta inatokeza kidogo, kuna unene wa mlango, hapo 40 zimekwisha, kisha kuna ubao wa mbele wa kabati wenye unene wa 18. Zimebaki mili 2. Meno ya klipu yatauma wapi? Ndo unakuta sinki lina klipu pande tatu na upande wa mbele hakuna hata moja, na upande wa mbele ndo unaomwagiwa maji kila siku mtu akiosha vyombo! Dawa ni mbili tu: sogeza shimo nyuma kidogo kama koki na ukuta vinaruhusu, au chukua patasi ufungue vipengele kwenye ubao wa mbele kila mahali klipu inapokaa. Na ufungue kabla sinki halijaingia, la sivyo utafanya hiyo kazi kichwa kikiwa ndani ya kabati.

Kukata kwenyewe sitachukua muda. Toboa kona kwa drili, biti ya milimita 10 au 12 ili bledi ya jigso iingie. Bledi nyingi zinakata zikipanda, kwa hiyo ukikata kwa juu zinamenya fomaika. Tumia bledi ya meno yanayotazama chini au geuza kaunta ukate kwa upande wa nyuma. Bandika masking tepu kwenye mstari, zima ile ya kuyumbisha bledi, usisukume. Kabla hujamaliza, funga kipande cha mbao kwa skrubu juu ya kipande cha katikati, kirefu kivuke shimo, kwa sababu kile kipande kikianguka chenyewe mwishoni kinaondoka na kona ya fomaika. Na kwenye unene wa 38 bledi huwa inapinda kwenye kona, juu uko kwenye mstari na chini umetoka, kwa hiyo angalia na chini pia.

Haya, sasa pale penye kesi nzima. Ukishakata, ule uso wa ndani wa shimo ni chipbodi tupu. Fomaika inalinda juu, ila hapo umekata ni vumbi la mbao na gundi, inakunywa maji na ikishanywa inavimba, na ikivimba inaunyanyua ukingo wa sinki kwa chini, raba inaachia, maji mengi zaidi yanaingia. Huo uso lazima uzibwe kabla sinki halijakaa. Mzunguko wote, kona hasa, na uingie kidogo chini ya kaunta. Pale matundu ya koki yanapotoboa kaunta, hapo pia.

Uzibe na nini? Hapa nakiri sina uhakika kama watu wengine wanavyojifanya wanao. Kuna mafundi wanapaka vanishi ya polyurethani mikono miwili, wengine rangi ya mafuta, wengine wanapaka silikoni kwa kidole wanaisambaza iwe ngozi nyembamba. Mi napaka vanishi kwa sababu inaingia ndani ya vitundu vya chipbodi kabla ya kukauka, wakati silikoni inakaa juu juu, ikipata pengo sehemu moja maji yanatembea nyuma yake. Lakini vanishi inataka muda wa kukauka, na nimeona masinki ya zamani yaliyopakwa silikoni tu chipbodi yake nzima kabisa. Kwa hiyo paka chochote kati ya hivyo, ila upake.

Kuhusu kufunga. Funga koki na sehemu ya kutolea maji sinki likiwa bado nje, utanishukuru. Bandika raba kuzunguka, ncha zikutane bila pengo na mkutano usiwe kwenye kona. Geuza klipu zote zilale kuelekea bakuli ili zisigonge shimo, shusha sinki, kisha zigeuze zitazame nje chini ya kaunta. Zipange kila sentimita 20 hadi 25, na kila kona iwe na klipu karibu pande zote mbili. Angalia klipu zinafaa unene wa kaunta yako, kwa nyembamba skrubu inaisha kabla meno hayajagusa, hapo weka vipande vya mbao chini vipate pa kuuma.

Kwanza shika zote kwa wepesi, meno yaguse tu. Kisha kaza kwa kuvukana, mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, halafu za katikati, robo mzunguko kila moja, unarudia. Bisibisi ya mkono, drili iweke mbali. Unasimama ukingo ukishagusa kaunta kote na raba imebanwa, sio mkono wako ukishachoka. Jaribu na karatasi nyembamba: ipitishe ukutanoni mwa ukingo na kaunta kuzunguka sinki lote. Ikigoma penye klipu na kuingia kati ya klipu, umekaza kupita kiasi, legeza.

Silikoni juu ya raba? Maelekezo mengine yanasema raba peke yake inatosha, mengine yanataka silikoni. Mi naweka mstari mwembamba chini ya ukingo kama maelekezo hayajakataza. Na kuna kitu kinanisumbua: masinki niliyowahi kung'oa, silikoni ilikuwa imeshika kiasi kwamba hata baada ya kutoa klipu zote sinki halikutikisika. Inawezekana klipu zinafanya kazi ya maana siku ya kwanza tu silikoni ikikauka, baada ya hapo zinakaa tu. Sijaacha kuziweka, lakini mtu akinibana na hoja hiyo sina jibu kubwa.

Sasa wewe ambaye tayari linavuja. Kausha kila kitu, tandika tishu kavu kabatini chini ya shimo lote. Jaza bakuli halafu achia, ukingo ukiwa mkavu. Tishu ikilowa, kosa liko kwenye mabomba wala sio ukingo. Ikibaki kavu, fungua koki bila kulowesha ukingo, kisha mwisho kabisa mwaga maji kidogo kidogo kando ya ukingo, upande mmoja kwa wakati. Ukishajua upande, legeza klipu za upande huo na jirani zake, nyanyua, angalia raba na uguse chipbodi. Ikiwa ngumu, toa sinki lote, acha ikauke siku kadhaa, paka, rudisha na raba mpya. Ikibonyea kwa ukucha au fomaika imeshanyanyuka, hiyo haishuki tena hata ukiikausha mwezi, na hapo tunaongelea kaunta mpya au kipande cha kaunta.