Shughuli za mwili, mazoezi na spoti: maswali ya walimu tarajali

Maswali haya huja kila mara walimu tarajali wanapojiandaa kwenda kufundisha katika skuli za Unguja na Pemba. Mengi yanazunguka jambo moja: mwalimu ameandika "mazoezi" katika andalio la somo, watoto wamecheza mpira, na msimamizi anauliza ni kipi hasa kilichofundishwa.

Kwani yote matatu si kutokwa na jasho tu?

Jasho si kipimo. Shughuli za mwili ni mwendo wowote unaofanywa na misuli na kuufanya mwili utumie nguvu. Kufagia uwanja, kupanda mkarafuu, kuteka maji, kutembea kwenda chuoni jioni, kucheza ngoma harusini, vyote vimo. Mazoezi ni sehemu ndogo ndani ya hizo. Watafiti watatu wa Marekani, Caspersen, Powell na Christenson, waliliweka hili sawa mwaka 1985, na maelezo yao ndiyo yanayotumika mpaka leo: mazoezi ni shughuli ya mwili iliyopangwa, yenye utaratibu, inayorudiwarudiwa, na iliyokusudiwa kuongeza au kulinda utimamu wa mwili. Spoti ni habari nyingine. Hapo kuna kanuni zinazokubaliwa na wote, kuna kushindana, na kuna matokeo.

Mkulima wa mwani hufanya kazi kwa mpango na kwa kurudiarudia. Je, hayo si mazoezi?

Swali zuri, kwa sababu linaonyesha sifa ipi kati ya zile nne ndiyo yenye uzito. Mama wa Jambiani au Paje hupanga siku zake kwa bamvua, maji yanapotoka mbali. Huinama akafunga mbegu za mwani kwenye kamba, akanyanyuka, akainama tena, kisha akabeba magunia yaliyorowa mpaka nchi kavu. Mpango upo, utaratibu upo, kurudia kupo. Lakini amekwenda kutafuta riziki, hakwenda kuongeza pumzi wala nguvu za miguu. Kwa hiyo ni shughuli ya mwili, tena nzito, lakini si mazoezi.

Msidhani kwamba kwa hivyo haina faida. Moyo na misuli hufanya kazi vilevile, awe anabeba gunia au anabeba chuma. Tofauti inaonekana katika namna mzigo unavyopangwa. Anayefanya mazoezi huanza na kidogo, huongeza pole pole, na hupumzika mwili unapodai. Mkulima wa mwani anafuata maji. Bamvua likija hufanya kazi hata kama mgongo unauma, na maji yasipotoka vya kutosha hukaa. Mgongo wake unaweza kuchoka kila msimu huku nguvu za mikono zikibaki palepale.

Mwalimu anayelijua hili hatamwona mvivu mtoto aliyeteka maji asubuhi na kutembea hadi skuli, eti kwa sababu amekaa chini wakati wa kipindi. Pengine mwenzake aliyeletwa na gari ndiye mwenye haja zaidi ya kukimbia.

Kitendo kimoja kinaweza kuwa vyote vitatu?

Kinaweza, na huu ndio mfano ninaopenda kuutumia. Mvuvi anayetweka tanga la ngalawa kwenda dagoni yumo katika shughuli ya mwili. Ngalawa hiyohiyo ikiingia kwenye resi, ikapangiwa mstari wa kuanzia, boya la kuzunguka na mwisho, mabaharia wale wale wamo kwenye spoti, ingawa kamba wanazovuta hazijabadilika. Na kama wiki mbili kabla ya resi wanakimbia mchangani kila alfajiri ili wawe na pumzi siku hiyo, kukimbia huko ni mazoezi. Mwendo peke yake haukupi jibu. Uliza unafanywa kwa nini, na chini ya kanuni zipi.

Na bao la kete?

Lina kanuni, lina mashindano, lina mabingwa, na mchezaji hanyanyuki barazani. Sataranji iko hivyohivyo, na shirikisho lake la dunia lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999. Maana yake ni kwamba spoti haikai yote ndani ya duara la shughuli za mwili. Kuna ncha yake inayotokeza nje. Pia mkisoma vitabu vya Ulaya mtakuta neno spoti limetanuliwa mpaka kumeza hata matembezi ya kawaida ya jioni. Hilo ni chaguo lao la kisera. Kwa darasani, shikeni maana nyembamba, maana ndiyo inayomsaidia mwalimu kupanga somo.

Nikiwapa mpira wakacheza, si nimewapa vyote kwa mpigo?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, basi tuhesabu. Chukua darasa la wanafunzi 44 na kipindi cha dakika 40. Kutoka darasani na kurudi kunakula dakika 8. Kuita majina na kugawa timu, dakika 7. Zimebaki 25. Una mpira mmoja, unawaweka kumi na moja kwa kumi na moja, na 22 wanakaa chini ya mwembe wakingoja. Katikati unabadilisha. Kila mtoto amekuwa uwanjani dakika 12 na nusu, na hapo ndani yumo golikipa, yumo beki anayechezea kola ya shati lake, yumo asiyepewa pasi kwa kuwa anajulikana hajui mpira. Aliyekimbia nusu ya muda wake ameondoka na dakika 6 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya nguvu ya wastani hadi kubwa.

Kwa macho ya mpita njia hiyo ni spoti safi, na ni kweli. Lakini kwa wengi wa wale 44, shughuli ya mwili ilikuwa kidogo mno, na mazoezi hayakuwepo kabisa.

Sasa ubadilishe. Gawa vikundi vinane vya watoto watano au sita, kila kikundi na mpira wake wa vitambaa, wacheze rede. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, waliobaki wanakwepa katikati. Rede nayo ina tatizo lake: aliyepigwa hutoka, na anayetoka mwanzo kwa kawaida ni yule mzito au mwoga, ambaye ndiye uliyetaka akimbie. Badilisha kanuni hiyo. Aliyepigwa akimbie hadi kwenye mnazi wa pembeni, auguse, arudi mchezoni. Ushindani umepungua na mwendo umeongezeka. Ukitaka wajifunze kuheshimu kanuni na kupokea kushindwa, rudisha kanuni ya zamani. Ni juu yako, alimradi ujue unachonunua na unachouza.

Nitajuaje kama kweli walisogea? Nikiangalia uwanja naona wote wanakimbia.

Jicho huvutwa na wachache wanaokimbia sana. Chagua watoto wanne kabla ya kipindi: mmoja hodari, mmoja wa kawaida, wawili wakimya. Mwenzako ashike saa na karatasi. Kila sekunde 20 amwangalie mmoja wao kwa zamu na aandike herufi moja: K kama amekaa, S kama amesimama, T kama anatembea, M kama anakimbia au anaruka. Asiandike alichokifanya kabla wala baadaye, aandike kile kilichopo jicho linapotua.

Tuseme kwa dakika 24 amepata alama 72, ambazo ni 18 kwa kila mtoto: K 14, S 35, T 15, M 8. Unajumlisha T na M, unapata 23. Hiyo ni chini kidogo ya thuluthi moja. Wataalamu wengi wa somo hili hulenga angalau nusu ya kipindi kiwe cha kusogea, kwa hiyo somo hili halijafika. Na S 35 zinakueleza kwa nini: watoto wamesimama wakisubiri zamu, au wakikusikiliza wewe. Ongeza mipira na fupisha maelezo kabla hujawalaumu watoto.

Njia hii ina mipaka. Haitofautishi anayetembea kwa kujikokota na anayetembea kwa kasi. Kwa hilo tumia mazungumzo. Mtoto anayeweza kuongea nawe lakini hawezi kuimba yuko kwenye nguvu ya wastani. Anayetoa maneno mawili matatu kisha akavuta pumzi yuko kwenye nguvu kubwa.

Basi lini nina haki ya kuandika "mazoezi" katika andalio la somo?

Pale unapoweza kusema unaongeza nini, kwa kiasi gani, na utapimaje. Mfano wa kuruka kamba: wiki ya kwanza sekunde 30 za kuruka na 30 za kupumzika, mara nne. Wiki ya tatu sekunde 45 za kuruka, mapumziko yaleyale. Kabla na baada, mtoto ahesabu mapigo ya moyo shingoni kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kisha aandike katika daftari. Baada ya wiki kadhaa, mapigo yanayoshuka haraka zaidi wakati wa kupumzika ni dalili kwamba pumzi inaongezeka.

Ila tuambizane ukweli. Kama ratiba inakupa kipindi kimoja kwa wiki, mazoezi ya namna hii hayatabadilisha mwili wa mtoto. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unataka shughuli za kuimarisha misuli na mifupa, kuruka zikiwemo, zifanyike angalau siku 3 kwa wiki. Katika kipindi kimoja ni afadhali kufundisha namna ya kuruka na kuhesabu mapigo, kisha kuwaachia kamba wakati wa mapumziko siku nyingine.

Mwezi wa Ramadhani tufanyeje?

Tofauti ya dhana hizi tatu inasaidia hapa. Shughuli nyepesi kama kutembea na kunyoosha viungo kivulini, asubuhi, haina taabu kwa wengi. Mazoezi ya kuongeza mzigo yasimame, kwa sababu mtoto aliyefunga hawezi kunywa maji baada ya kutoka jasho. Spoti inabaki kwa upande wa kanuni: chora uwanja wa netiboli ubaoni, wafundishe nani anaruhusiwa kuingia eneo lipi, wape kazi ya uamuzi kwa mifano.

Na alama nitoe kwa nini?

Kwa kile ulichokiandika kuwa lengo. Ikiwa lengo ni shughuli ya mwili, angalia muda aliosogea, hata kama kila mpira ulimpita. Ikiwa ni mazoezi, linganisha daftari lake la leo na lake la wiki zilizopita, si na la jirani yake. Ikiwa ni spoti, pima kama anazijua kanuni, anatumia ufundi uliofundishwa na anakubali uamuzi wa refa. Mabao hesabuni siku ya mashindano.