Tuktuk Iliyojaa Simuni Tu

Gemu yetu ina dereva wa tuktuk mjini Mombasa: anapakia abiria watatu, anawashusha feri ya Likoni, kisha anarudi kutafuta wengine. Ndani ya kihariri cha Unity ilikwenda vizuri. Tulipoitoa APK na kuitia simuni, abiria watatu wa kwanza walishushwa, halafu kila aliyesimamisha tuktuk aliambiwa "Imejaa!"

Dhana: Simu ndiyo mbovu.
Mwenzangu alishaanza kuulizia simu ya kuazima. Tukatoa toleo la kompyuta kwanza, kwenye laptopu ileile yenye kihariri. Tuktuk ikajaa vilevile, na simu ikaondolewa lawama.

Dhana: Ni IL2CPP.
Huyu husingiziwa kila kitu. Tulibadili Scripting Backend kuwa Mono, tukatoa toleo jingine. Hali ni ileile.

Dhana: Washa Development Build, utaiona hitilafu.
Hapa ndipo wengi wanapopotea, nasi tulipotea jioni nzima. Tuliiwasha, na hitilafu ikatoweka! Tukaizima, ikarudi. Kumbe kule kutoweka ndiko kulikokuwa jibu: Development Build si toleo lilelile lililoongezewa maelezo tu. Huwa na alama `UNITY_ASSERTIONS`, kama kihariri, ilhali toleo la kawaida halina. Basi swali likawa: ni mstari gani unaoitegemea alama hiyo?

Kwa kuwa `Debug.Log` hubaki hata katika toleo la kawaida, tuliandika idadi ya abiria kabla na baada ya kushusha, tukachomeka simu na kusoma kwa `adb logcat -s Unity`. Kabla, 3. Baada, 3. Hakuna aliyeshuka, michoro yao tu ndiyo iliyofichwa. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

```csharp
Debug.Assert(abiria.Remove(a));
```

Dhana: Assert ikizimwa, kinachozimika ni ukaguzi peke yake.
La. `Debug.Assert` imewekewa sifa ya `Conditional`. Alama isipokuwepo, kompaila ya C# huuacha mwito mzima, pamoja na kilichomo ndani ya mabano. `Remove` haikuwahi kuitwa. Hakuna kosa linaloandikwa popote, wala gemu haianguki. Abiria anabaki tu kwenye orodha. (Mstari niliuandika mimi, na niliuona mzuri kwa ufupi wake.)

Kazi itolewe nje, ukaguzi ubaki ndani:

```csharp
bool ameshuka = abiria.Remove(a);
Debug.Assert(ameshuka);
```

Baadaye tulipekua mradi mzima kutafuta `Assert(` yenye mwito wa kubadilisha kitu ndani yake. Tukapata nyingine mbili, moja ikiwa kwenye kuhifadhi nauli. Hiyo bado hakuna mchezaji aliyeilalamikia, maana kwa tuktuk iliyojaa hakuna aliyefika mbali kiasi cha kuwa na nauli ya kupoteza.