Mbu wa saa za masomo: kusaka mazalia shuleni kwa kuhesabu pupa

Mwanafunzi wa shule ya kutwa akiumwa na mbu saa mbili asubuhi darasani, mbu huyo kwa kawaida siye wa malaria. Anofelesi wengi hutafuta damu usiku, na usiku mtoto yuko kwao. Anayeuma mchana, hasa saa chache baada ya jua kuchomoza na tena alasiri kuelekea machweo, ni Aedesi ejipti: mbu mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, anayeeneza homa ya dengi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019.

Kazi yangu ni wadudu waenezao magonjwa. Mwalimu wa baiolojia akiniomba mradi wa kufanya na wanafunzi, humpeleka moja kwa moja kwa mbu huyu. Saa zake za kuuma zinaangukia kwenye vipindi, anazaliana kwenye vyombo ambavyo mtoto anaweza kuviona na kuvishika, na haruki mbali. Wengi huishia mita mia moja au mia mbili kutoka walikozaliwa. Kwa hiyo anayewauma watoto wa darasa la nne huenda kazaliwa ndani ya uzio wa shule, au kwa jirani wa ukuta wa pili.

Niseme mapema kuhusu kufyeka nyasi, maana ndiyo kazi ya kwanza shule nyingi zinayoifikiria. Mbu mzima hupumzika kwenye nyasi, lakini hazaliwi humo. Kiluwiluwi anataka maji. Ukifyeka uwanja mzima ukaacha kopo lililokuwa limefichwa chini ya majani, umepata uwanja safi na mbu walewale. Faida kubwa ya fyekeo ni kwamba linafichua makopo.

Sasa tuingie shuleni. Anzia kwenye boma, lile darasa lililoishia kwenye lenta likisubiri fedha za bati. Pale pana pipa la maji ya ujenzi lililosahauliwa, ndoo za zege zilizopasuka ukingo, na matundu ya bloku zilizopangwa midomo ikitazama juu. Halafu nenda kwenye bustani yenye matairi yaliyopakwa rangi. Tairi lililozikwa nusu likisimama wima linashika maji ndani ya tumbo lake chini kabisa, na mtu aliyesimama hayaoni. Itabidi upige goti na tochi. Pita kwenye vibuyu chirizi: dumu lenyewe hutumika na kujazwa kila siku, hivyo si tatizo sana, ila beseni au kopo linalopokea matone chini yake hukaa wiki nzima bila kuguswa. Angalia gata zilizoziba kwa majani ya mwembe, chemba ya mita ya maji, sahani za vyungu vya maua mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na tundu la mti pale matawi mawili yanapoachana. Simtanki lenye mfuniko unaobana halina neno. Lenye mfuniko uliopotea, au bomba la kumwagia ziada lisilo na wavu, liandike kwenye orodha.

Kila chombo chenye maji kipewe namba na kichorwe kwenye ramani ya shule. Chota maji kwa upawa, taratibu, bila kivuli chako kuangukia juu yake, kwa sababu viluwiluwi wakishtuka huzama chini na utadhani chombo ni kitupu. Subiri dakika moja mbili, watapanda tena kuvuta hewa. Kwenye vyombo vidogo ni rahisi zaidi kumimina maji yote kupitia chujio la chai na kuwaosha waliobaki ndani ya bakuli jeupe.

Namna wanavyovuta hewa ndiyo itakayokuambia ni akina nani. Kiluwiluwi wa Anofelesi hana mrija wa hewa, hivyo hulala bapa sambamba na uso wa maji. Aedesi na Kuleksi, mbu wa maji machafu, wote huning'inia kichwa chini, mkia juu, wakipumulia mrija ulio nyuma. Wa Aedesi ni mfupi na mnene, wa Kuleksi ni mrefu na mwembamba. Kwa lenzi ya mkononi mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuwatenganisha. Akitaka uhakika, achukue pupa, hatua inayofuata kiluwiluwi, yule aliyejikunja umbo la mkato wa sentensi, amweke kwenye chupa ya maji yaleyale na kufunga mdomo kwa kipande cha chandarua kilichobanwa kwa raba. Baada ya siku mbili hivi mbu atatoka. Mgongoni mwa Aedesi ejipti utaona mistari ya magamba meupe: miwili imepinda pembeni, miwili myembamba iko katikati. Ukimaliza kumtazama, usimwachie. Weka chupa kwenye friza au iache juani mpaka afe.

Kuhusu kuhesabu: miradi mingi huandika tu chombo kipi kina viluwiluwi na kipi hakina, kisha hutoa asilimia. Hesabu hiyo si mbaya, ila inapotosha ukitaka kujua uanzie wapi. Viluwiluwi wengi hufa njiani kwa njaa, kwa msongamano, au kwa sababu kopo limekauka kabla hawajakomaa. Pupa amekwisha kuvuka hayo yote. Hali chakula tena, na ndani ya siku mbili tatu anakuwa mbu. Idadi ya pupa ndiyo inayokaribiana na idadi ya mbu watakaoruka.

Tufanye mfano wa hesabu, nimeutunga ili namba ziwe rahisi. Shule ina vyombo 40 vyenye maji, na 10 kati yake vina viluwiluwi. Hiyo ni asilimia 25. Kati ya hivyo 10, sita ni makopo na vifuniko, vitatu ni matairi, kimoja ni pipa la boma. Ukihesabu pupa unapata 4 kwenye makopo yote sita, 21 kwenye matairi, na 75 kwenye pipa. Kwa asilimia ya vyombo, makopo ndiyo tatizo kubwa. Kwa pupa, pipa peke yake linatoa robo tatu ya mbu. Namba ni za kutunga, lakini sura hiyo ya vyombo vichache kutoa mbu wengi ndiyo ninayokutana nayo mara kwa mara. Pipa liko kivulini, halikauki, majani yanadondokea humo na kuoza, na bakteria wanaotokana na uozo huo ndio chakula cha viluwiluwi. Hakuna aliyelimwaga tangu fundi aondoke. Kopo la juani, kwa upande wake, mara nyingi hukauka kabla mzunguko haujatimia.

Kwa hiyo shule yenye nguvu kazi ya asubuhi moja tu ianze na pipa, ifuate matairi, makopo baadaye.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi, na hapa ndipo kampeni nyingi zinapofeli bila kujua. Aedesi hatagi juu ya maji. Hutaga yai mojamoja ukutani mwa chombo, kwenye unyevunyevu juu kidogo ya ukingo wa maji, na mayai ya mkupuo mmoja huyagawa katika vyombo kadhaa. Yai likiisha kukomaa linaweza kukaa kavu kwa miezi na bado likawa hai. Ukimwaga pipa na kuliinamisha, mvua ya kwanza ikilijaza tena, mayai yaleyale yanaanguliwa. Ndiyo maana baada ya kumwaga ni lazima kusugua kuta za ndani kwa brashi ngumu na sabuni, hasa pale penye alama ya ukingo wa maji, kisha kusuuza. Maji yamwagwe kwenye udongo mkavu wenye jua, yasiende mtaroni, kwa maana pupa aliyefika mtaroni ataendelea na safari yake.

Wanafunzi wasipoamini habari za mayai kukaa kavu, wafanye jaribio. Chukua kopo lililopakwa rangi nyeusi, tia maji hadi nusu, zungushia ndani kitambaa cha pamba kikiwa nusu majini nusu juu, kisha liweke kivulini nyuma ya madarasa kwa siku tano, zisizidi sita. Ukilisahau hapo umejenga zalio jipya kwa mkono wako. Toa kitambaa, tazama kwa lenzi: mayai meusi, madogo, yamejipanga juu ya mstari wa maji. Kiache kivulini kikiwa na unyevu siku mbili tatu ili mayai yakomae, kikaushe, kitie kwenye bahasha kabatini kwa wiki tatu. Kisha kizamishe kwenye bakuli lenye maji yaliyolazwa na majani makavu tangu jana yake, kwani maji yaliyopungukiwa oksijeni huyachochea mayai kuanguliwa. Viluwiluwi wadogo mithili ya nukta watajitokeza, wengine saa hizohizo, wengine kesho. Ukikausha tena na kuzamisha mara ya pili, mara nyingi wataanguliwa wengine waliokuwa wamebaki. Jaribio likiisha, kitambaa kichemshwe.

Matairi yasiyo na kazi yaondolewe. Ya bustani yajazwe udongo ulioshindiliwa mpaka juu, na ya bembea yatobolewe upande wa chini. Tundu la mti lijazwe mchanga. Simtanki lipate mfuniko na wavu wa dirisha kwenye bomba la ziada. Oili chafu ya gari, ambayo wengine hupenda kuimwaga kwenye madimbwi, iacheni. Inachafua udongo na maji ya kisima.

Kuleksi mtamkuta kwenye chemba na vyoo vya shimo vyenye maji, maana huyo hapendi maji safi. Dawa yake ni kuziba nyufa za chemba na kufunga wavu kwenye bomba la hewa la choo. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walitandaza tabaka la chembe za plastiki nyepesi zinazoelea juu ya maji ya vyoo. Mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa hewa. Madimbwi ya magurudumu uwanjani, anayoyapenda Anofelesi wakati wa masika, yafukieni. Yasiyofukika, zungumzeni na afisa afya wa kata kuhusu kiuadudu cha kibaiolojia, aina inayotengenezwa Kibaha. Bakteria waliomo ndani yake huua kiluwiluwi anayewala. Pupa hali chochote, kwa hiyo hawamgusi, na mkikuta pupa siku moja baada ya kunyunyiza msidhani dawa ni feki.

Ukaguzi urudiwe kila baada ya siku saba. Katika joto la pwani, kutoka yai kuanguliwa hadi mbu kuruka ni siku saba hadi kumi, hivyo ukipita kila wiki utawawahi wengi wakiwa bado majini. Mpango wa malaria mijini ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004 nao uliwatumia wakazi waliopita kiwanja kwa kiwanja kila wiki. Pupa wakishuka hadi karibu na sifuri lakini watoto bado wanaumwa asubuhi, kuna chombo hamjakiona: pandeni ngazi kwenye gata, kisha mwombeni mjumbe awapeleke kwa majirani wa uzio.

Pengo kubwa ni likizo ya Juni na ya Desemba. Wiki nne bila mkaguzi zinatosha vizazi viwili vya mbu, na siku ya kufungua wanafunzi wanawakuta wamejaa. Siku ya mwisho kabla ya kufunga, kila chombo kisuguliwe, kigeuzwe kifudifudi au kifungiwe stoo, na ramani yenye namba aachiwe mlinzi pamoja na brashi na ufunguo wa boma.