Mchele haukaushi visikilizi

"Kaka, visikilizi vyangu vya masikioni vimetumbukia kwenye ndoo ya maji hapa Majengo, Moshi. Nivifukie kwenye mchele?"

Hapana, dada. Mchele hauvuti maji yaliyojificha ndani, na vumbi lake huziba wavu wa sauti. Vua mipira, futa, kisha viache mbele ya feni siku mbili, wavu ukitazama chini. Usivirudishe kwenye kasha la kuchajia kabla havijakauka, maana umeme ukikutana na maji, ncha za chaji huliwa haraka sana.

Kisha kagua ncha hizo. Ukijani ni kutu ya shaba. Sauti ikififia upande mmoja, huenda wavu bado una maji, ongeza siku. Kisikilizi kikivimba au kuwa cha moto kikichajiwa, betri imeharibika, usikivae tena.